Printa imepotea, intaneti imekata: waraka kuhusu VPN binafsi kwenye mtandao wa ofisi

KWA: Wafanyakazi wote, ofisi kuu Kigoma na tawi la Kasulu
KUTOKA: Meneja wa TEHAMA
YAH: Masharti ya VPN binafsi na namna ya kutambua hitilafu zake

Ndugu wenzangu,

Malalamiko mengi yanayofika dawati letu yanaanza kwa maneno yaleyale: "mtandao ni mbovu." Tukija kuangalia, waya ni mzima, rauta ni nzima, na aliyekaa meza ya pili anafanya kazi bila shida. Mara nyingi tatizo tunalikuta kwenye kompyuta ya mlalamikaji, kwenye alama ndogo ya kufuli au ngao kando ya saa. Hiyo ni VPN aliyoiweka mwenyewe, au aliyowekewa na fundi wa mtaani siku alipopeleka mashine ikasafishwe.

VPN ni kama handaki. Ukiiwasha, kompyuta yako inafungua njia iliyofichwa hadi kwenye seva ya mwenye VPN, tuseme Uholanzi au Singapuri, na kila unachotuma kinapita humo kabla ya kwenda kinakotakiwa. Barua pepe inapita humo, ukurasa wa benki unapita humo, na hata ile karatasi unayotaka kuchapa kwenye printa iliyo hatua kumi kutoka kwako inaweza kuingizwa humo. Shika hilo moja tu, maana karibu kila dalili iliyo hapa chini inatoka hapo.

Masharti yanayoanza kutumika ni haya. Kwenye kompyuta ya ofisi hapawekwi VPN binafsi ya aina yoyote, hata ile inayojificha kama kiongezo cha kivinjari au inayokuja ndani ya kivinjari chenyewe. Simu au kompyuta yako mwenyewe itumie waifai ya wageni. Huko VPN yako hatuigusi, ila usifungue kupitia kwayo barua pepe ya ofisi wala faili za wateja. VPN ya ofisi, ile tuliyowawekea sisi, ni ya kufanyia kazi ukiwa nje ya jengo. Ukiwa ndani iache imezimwa.

Mwenye kazi inayohitaji VPN nyingine aniandikie, aeleze ni kazi gani na ni VPN ipi. Jambo hili si la ofisi yetu peke yake. Tangazo la TCRA la Oktoba 2023 liliwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 nazo zinakataza kutumia teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyozuiwa. Ukipitisha VPN kwenye laini ya ofisi, anwani inayoonekana ni ya ofisi, na atakayeulizwa ni ofisi.

Aliye nayo sasa aje tuiondoe pamoja. Hakuna atakayeandikiwa barua kwa kuja mwenyewe.

Dalili ya 1: Printa inaonyesha "Offline", au folda ya pamoja haifunguki, lakini intaneti ipo

Hii ndiyo inayotupotezea muda kuliko zote, kwa sababu mtu akiona tovuti zinafunguka anaamini mtandao wake ni mzima, kwa hiyo lawama inakwenda kwa printa.

Anza na jambo dogo: tazama kama printa imewashwa, ina karatasi, na mwenzako anaweza kuchapa. Kama mwenzako anachapa, printa haina kosa. Kisha tazama kando ya saa. Ukiona VPN imewashwa, izime, subiri nusu dakika, jaribu tena. Kwa wengi hadithi inaishia hapo.

Isipoishia hapo, fungua Command Prompt uandike hivi. Namba hii ni ya printa ya chumba cha hesabu:

```
tracert -d 192.168.20.15
```

Amri hii inaonyesha kituo kimoja kimoja ambacho ujumbe wako unapitia. Tazama mstari wa kwanza tu. Ukisoma `192.168.10.1`, ujumbe umepita kwenye rauta yetu kama inavyotakiwa, kwa hiyo sababu iko kwingine. Ukisoma namba nyingine, kwa mfano `10.8.0.1`, ujumbe wako wa kwenda kwa printa umeingizwa handakini na umeshatoka nje ya jengo. Huko nje hakuna anayeijua printa yetu, kwa hiyo ujumbe unatupwa.

Nieleze kwa nini, maana kuna ushauri mmoja unaozunguka hapa ofisini ambao hautusaidii. Watu wanaambiana: ingia kwenye mipangilio ya VPN, washa "Allow LAN access", printa itarudi. Nyumbani ushauri huo unafanya kazi, kwa sababu nyumbani simu, kompyuta na printa viko kwenye kundi moja la anwani. Hapa sivyo. Kompyuta zenu ziko kwenye kundi linaloanza na 192.168.10, na seva na printa tumeziweka kwenye kundi la 192.168.20 ili kirusi kikiingia kwenye kompyuta moja kisizifikie kirahisi. Kwa programu nyingi za VPN, kitufe kile kinaruhusu kundi lako tu. Kundi la pili halimo, kwa hiyo safari ya kwenda huko inaendelea kuingia handakini.

Mwishoni mwa mwezi mmoja tulikaa karibu asubuhi nzima kwa jambo hili. Mwenzetu wa hesabu alipiga simu saa mbili na nusu, printa haichapi hati za malipo. Alikuwa ameshaiondoa printa kwenye orodha na kuirudisha mara tatu, na kila mara Windows ilimwambia haioni kifaa. Kijana wetu alibadilisha waya, akawasha printa upya, akahamisha tundu kwenye swichi. Hakuna kilichobadilika. Saa nne ndipo tulipoandika amri ile, na mstari wa kwanza ukatoka `10.8.0.1`. VPN ilikuwa ya bure, aliiweka wikendi ili aangalie mpira, na ilijipanga kuwaka yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Alikuwa amefunga dirisha lake akidhani ameizima, lakini kufunga dirisha hakuizimi. Ilikuwa inaendelea nyuma kimyakimya. Tuliiondoa, hati zikachapwa ndani ya dakika moja. Tangu siku hiyo amri hiyo ndiyo ya kwanza kwetu, kabla ya kugusa waya wowote, nami nimejuta muda tuliompotezea.

Sababu ya pili, ambayo haitokei sana, ni majina. Folda ya pamoja mnaifungua kwa jina, nalo jina hilo linajulikana na seva yetu ya DNS peke yake, ile inayogeuza majina kuwa namba. VPN nyingi hubadilisha DNS na kuweka ya kwao, na ya kwao haijui jina la seva ya Kigoma. Namna ya kutambua: folda inakataa kwa jina, lakini printa inajibu kwa namba. Sababu ya tatu ni hitilafu halisi ya waya au swichi, na hapo mtakuwa mmekwama watu kadhaa wa chumba kimoja kwa pamoja.

Acha na utuite ukishazima VPN na mstari wa kwanza bado hausomi `192.168.10.1`. Usiondoe printa na kuirudisha; kila ukifanya hivyo mipangilio ya chumba chako inapotea, nasi tunaanza upya.

Dalili ya 2: Umezima VPN, au umeifuta kabisa, na sasa hakuna intaneti

Mtu ametii waraka, ameiondoa VPN, na zawadi yake ni kompyuta isiyofungua chochote. Naelewa hasira yake. Sababu inayotokea zaidi ni kitu ambacho programu zenyewe hukiita "Kill switch". Kazi yake ni kufunga intaneti yote VPN inapokatika, ili mwenye nayo asionekane anwani yake halisi hata kwa sekunde. Kizuizi hicho kinakaa ndani ya ngome ya Windows, yaani Firewall, wala si kwenye dirisha la programu, kwa hiyo ukiifuta programu vibaya kizuizi kinaweza kubaki bila mtu wa kukifungua.

Kama programu bado ipo, ifungue, tafuta "Kill switch" kwenye mipangilio, izime kwanza, kisha ndipo uzime VPN na kuiondoa. Kama umeshaifuta, njia safi ni kuirudisha, kuzima hicho kitufe, na kuiondoa tena kwa utaratibu kupitia Settings. Kwa kuwa kompyuta haina intaneti na kuweka VPN kwenye mashine ya ofisi hakuruhusiwi, hatua hiyo tutaifanya sisi.

Kama si hivyo, nenda Settings, kisha Network & internet, kisha Proxy. "Use a proxy server" iwe imezimwa. Baadhi ya programu za VPN zina tabia ya kuiacha imewashwa. La mwisho ni DNS. Andika:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mstari wa "DNS Servers" chini ya jina la kadi yako ya mtandao. Hapa ofisini lazima usome `192.168.20.2`. Ukikuta namba nyingine, VPN imeondoka na kuacha anwani yake nyuma. Rudisha mpangilio kuwa "Automatic (DHCP)", kisha andika `ipconfig /flushdns` ili kompyuta isahau majibu ya zamani.

Tafadhali msibonyeze "Network reset". Naona watu wanaipenda kwa sababu inaonekana inamaliza kila kitu, na kweli inamaliza: inaondoa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, nywila za waifai zinasahaulika, na VPN ya ofisi nayo inaweza kuacha kufanya kazi hadi tuiweke upya. Kwa mtu wa Kasulu hiyo ni safari yetu ya siku nzima, kwenda na kurudi.

Dalili ya 3: Benki au barua pepe inadai msimbo kila mara, au akaunti imefungwa

Mfumo wa benki uliona umeingia ukiwa Kigoma saa mbili, na saa mbili na dakika kumi unaonekana uko Amsterdamu. Hakuna usafiri wa namna hiyo, kwa hiyo mfumo unakufungia, nao una haki. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba anwani ya kutokea ya VPN ya bure inatumiwa na maelfu ya watu, na baadhi yao ni matapeli. Benki imeshaiandika kwenye orodha mbaya na wewe unahesabiwa pamoja nao.

Zima VPN, funga kivinjari chote, fungua upya, jaribu mara moja. Usijaribu mara ya tatu au ya nne, kwa sababu akaunti ikifungwa kabisa itabidi mwenye saini aende benki mwenyewe.

Sababu ya tatu ni adimu, lakini ndiyo nzito: kuna mtu mwingine kweli anajaribu kuingia. Ukipata msimbo kwa ujumbe wa simu wakati wewe hujaomba chochote, acha kazi hapohapo. Usimsomee mtu msimbo huo hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Nipigie, kisha piga benki kwa namba iliyo kwenye mkataba wetu, na usitumie namba iliyoko kwenye ujumbe.

Dalili ya 4: Ofisi nzima ni nzito, na tovuti zinawauliza wote kama ni roboti

Uzito peke yake kwa kawaida una sababu za kawaida. Windows inashusha masasisho, mtu anapandisha video, au laini ya mtoa huduma ina shida. VPN inaongezea hapa kwa namna isiyoonekana. Rauta yetu imepangwa kuutanguliza mfumo wa hesabu na simu za mkutano, na video zisubiri. Inafanya hivyo kwa kutazama safari inakokwenda. Ndani ya handaki safari zote zinafanana, kwa hiyo sinema ya mmoja inasimama foleni moja na hati ya malipo ya mwingine.

Uzito ukija pamoja na maswali ya "mimi si roboti" kwa kila mtu, hata kwa wasiokuwa na VPN, hapo mimi sikai. Maana yake anwani ya ofisi imeanza kuonekana mbaya huko nje, na kuna uwezekano kompyuta moja humu ndani imegeuzwa mlango wa watu wengine.

Namna inavyotokea ni hii. Seva za VPN zinagharimu fedha kila mwezi, na anayekupa bure lazima azitoe mahali fulani. Baadhi yao wanazitoa kwako: programu ileile inayokutoa wewe nje inaruhusu wageni watokee kupitia kompyuta yako, na mgeni akifanya uhalifu, anwani inayoandikwa ni yako. Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa aina hii ulioitwa 911 S5. Ulihusisha anwani za IP zaidi ya milioni 19 duniani, na wenye kompyuta wengi hawakujua lolote. Walikuwa wamepakua VPN za bure tu. Majina ya programu zilizotumika yalitangazwa: MaskVPN, DewVPN, PaladinVPN, ProxyGate, ShieldVPN na ShineVPN. Kama uliwahi kuweka mojawapo kwenye kompyuta ya ofisi, hata kama uliifuta zamani, njoo uniambie leo.

Kuna kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukifanya. Funga programu zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Task Manager chagua Performance, kisha Ethernet au Wi-Fi, utazame "Send" kwa dakika tano bila kugusa kitu. Kompyuta isiyofanya kazi hutuma kidogo sana, kwa vipindi. Ikiwa inatuma mfululizo bila kupumzika, kuna kitu. Kinaweza kuwa hifadhi ya mtandaoni inayopandisha faili zako, na hiyo ndiyo inayotokea zaidi. Alama yake itaonyesha inalandanisha. Kama hakuna kinachoonyesha hivyo, chomoa waya wa mtandao na uzime waifai.

Baada ya kuchomoa, simama. Usizime kompyuta, usifute programu, usipitishe antivirusi uliyoletewa kwenye fleshi. Iache inawaka hivyohivyo. Tunahitaji kuona ni programu gani iliyokuwa ikizungumza na nje, na ukizima, sehemu ya ushahidi huo inapotea. Ikiwa kompyuta hiyo ina taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuwekea wajibu, na hatuwezi kuutimiza bila kujua kilichotoka.

Simama vilevile ikiwa VPN, wakati wa kujiweka, inakuomba ukubali cheti chake, kwa Kiingereza inaandikwa "root certificate". Kwa kawaida ukurasa wa benki umefungwa kwa namna ambayo mwenye VPN anaona tu kwamba umekwenda benki fulani, haoni ulichoandika. Ukikubali cheti hicho unampa uwezo wa kufungua bahasha, kusoma na kuifunga tena, na kivinjari hakitakuonya. Aliyekwisha kukubali asibadilishe nywila akiwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Atumie nyingine, kisha atuletee ile.

Dalili ya 5: Kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinakwama nusu

Hii inawahusu wanaotumia VPN ya ofisi wakiwa kwa wateja vijijini kwa hotspoti ya simu. Kila kifurushi cha mtandao kina ukubwa wa juu, kwa kawaida baiti 1,500, na VPN inakivika bahasha nyingine juu yake. Mtandao wa simu ukiwa na kikomo kidogo zaidi, vifurushi vikubwa havipiti, na viambatisho vinazunguka bila mwisho. Jaribu kwanza kuzima na kuwasha hotspoti, kisha jaribu laini ya mtandao mwingine. Ikiendelea, nitumie jina la mtandao wa simu na mahali ulipo. Ukubwa huo tunaupunguza sisi upande wa VPN ya ofisi, nawe utakachotakiwa kufanya ni kuizima na kuiwasha tena.